Waifai ya mgahawa inapoishiwa anwani

Je, wajua kwa nini waifai ya mgahawa hukataa simu yako saa saba mchana, ilhali nusu ya meza ziko wazi?

Kwa sababu walioondoka asubuhi bado wameshikilia nafasi zao ndani ya ruta. Kila kifaa kinapoingia, ruta hukikopesha anwani ya IP kwa muda maalumu. Mteja akilipa chai na kutoka, simu yake kwa kawaida hairudishi anwani, kwa hiyo ruta huihesabu kuwa imeshikwa mpaka muda ule uishe.

Chukua mgahawa wa viti thelathini, ruta yake ikigawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149, kwa saa 24. Hizo ni anwani 50 tu za kutwa nzima. Simu za wafanyakazi huchukua nane, na mteja mwenye simu na kompyuta huchukua mbili. Kufikia saa nne asubuhi zimekwisha, na anayekuja baadaye simu yake hukwama kwenye kutafuta anwani. Kompyuta ya Windows hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, na ukiiona hiyo, jua kwamba haikupata jibu la ruta.

Wengi huzima ruta na kuiwasha, na kweli watu huingia. Lakini ruta nyingi ndogo husahau orodha yao zikizimwa, kisha huweza kumpa mgeni anwani ambayo simu nyingine bado inaitumia. Hapo wawili hugongana: ukurasa unafunguka, unakwama, unafunguka tena, na lawama inamwendea mtoa intaneti.

Dawa yenyewe ni ya dakika tano. Fungua ukurasa wa ruta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani, ubadilishe hivi:

```
Start IP:   192.168.1.20
End IP:     192.168.1.250
Lease Time: 60 min
```

Sasa zipo anwani 231, na aliyeondoka huachia yake ndani ya saa moja. Aliyekaa hasumbuki, maana simu yake huongeza muda kimyakimya ikifika nusu. Kupunguza muda ndiko kunakosaidia zaidi. Mimi huanza na hapo. Angalia tu printa na kamera zilizopangiwa anwani kwa mkono ziwe na anwani zilizo chini ya 192.168.1.20, zisije zikagongana na wateja.

Ukumbi mkubwa ukihitaji zaidi, badili kinyago cha mtandao, yaani Subnet Mask, kiwe 255.255.254.0 na uanzie 192.168.0.20, nafasi hupanda hadi 510 kwa jumla. Ruta na vifaa vilivyopangiwa anwani kwa mkono vihamishiwe chini ya 192.168.0.20 na kubadilishiwa kinyago, la sivyo vitagongana na wateja, au printa inaweza kushindwa kujibu kompyuta zilizoangukia upande wa 192.168.1.

Na kama kila mtu ana anwani yake halali lakini video bado zinakwama, tatizo si anwani tena. Hapo ni upana wa intaneti au wingi wa simu kwenye redio moja ya waifai, na kuongeza anwani hakutasaidia kitu.