Eneo ni juu mara juu, ila spidi haiendi hivyo: vikomo vya vipimo vilivyokadiriwa

Kwenye karatasi ya mazoezi ninayowapa kidato cha tatu kuna maswali mawili ambayo ukiyaelewa haya basi mada nzima ya vikomo umeishika, swali la kiwanja na swali la basi. Naandika yote mawili hapa kwa kirefu kwa sababu naona watu wengi wanakariri njia ya la kwanza halafu wanaibeba kama ilivyo kwenye la pili, na hapo ndo marks zinapotea.

Tuanze na kiwanja. Urefu mita 25, upana mita 18, vyote vimekadiriwa hadi mita nzima iliyo karibu. Maana yake nini? Maana yake aliyepima na futi kamba hakupata 25 kamili, alipata kitu fulani kilichokuwa karibu na 25 kuliko 24 au 26, akaandika 25 akaendelea na kazi yake. Kwa hiyo unachukua kizio alichotumia kukadiria, hapa ni mita 1, unagawa kwa 2, unapata 0.5, unaitoa na kuijumlisha. Urefu uko hivi: 24.5 ≤ u < 25.5, na upana 17.5 ≤ p < 18.5. Angalia alama zenyewe, upande wa chini kuna usawa na upande wa juu hakuna, kwa sababu 24.5 ukiikadiria inapanda kuwa 25 lakini 25.5 inapanda kuwa 26, hiyo sio yetu tena. Sasa kuna wanaosema basi kikomo cha juu tuandike 25.49. Hapana, maana 25.495 je? 25.4999 je? Zote zinakadiriwa kuwa 25, na ukisimama 25.49 umeziacha nje, kwa hiyo kikomo ni 25.5 yenyewe, kipimo kinaisogelea ila hakiifikii.

Na ile 0.5 isiwe ya kudumu kichwani. Ikiwa imeandikwa mita 150 hadi makumi yaliyo karibu, nusu ya 10 ni 5, kwa hiyo 145 hadi 155. Swali la kujiuliza kila mara ni "imekadiriwa hadi wapi", usiangalie namba yenyewe inafananaje.

Eneo la kiwanja basi. Dogo kabisa ni 24.5 × 17.5 = 428.75, kubwa ni 25.5 × 18.5 = 471.75. Yaani ile 450 ambayo kila mtu angeiandika bila kufikiri ina nafasi ya mita za mraba 43 ndani yake, ni zaidi ya vyumba vitatu vya mita 3 kwa 4, na aliyepima hakukosea chochote.

Kuna kitu hapo napenda sana wanafunzi wakione. Kutoka 450 kwenda juu ni 21.75, kutoka 450 kwenda chini ni 21.25, mbona hazilingani? Chora mstatili wa 25 kwa 18, halafu uongeze nusu mita upande wa urefu, unapata ukanda wa 25 × 0.5 = 12.5, ongeza nusu mita upande mwingine, ukanda wa 18 × 0.5 = 9, na pale kwenye kona panabaki kamraba ka 0.5 × 0.5 = 0.25. Jumla 21.75. Ukipunguza, unakata ukanda wa 12.5 na ukanda wa 9 lakini ile kona umeikata mara mbili, inabidi urudishe 0.25 moja, unabaki na 21.25. Ndo maana huwezi kutafuta kikomo cha juu peke yake halafu cha chini ukakipata kwa kutoa tofauti ileile, lazima upige hesabu zote mbili.

Sasa swali la basi. Basi limetembea kilomita 150, imekadiriwa hadi kilomita 10 zilizo karibu, kwa dakika 120, zimekadiriwa hadi dakika 10 zilizo karibu. Swali: je tunaweza kusema kwa uhakika kwamba wastani wa spidi haukuvuka 80 kwa saa?

Umbali ni 145 hadi 155, muda ni dakika 115 hadi 125. Mwanafunzi aliyetoka kwenye kiwanja anachukua juu kwa juu, 155 ÷ 125 × 60 = 74.4, anaandika hiyo ndo spidi kubwa kabisa. Halafu chini kwa chini, 145 ÷ 115 × 60, inatoka kama 75.65, anaandika hiyo ndo ndogo kabisa. Tazama vizuri hizo namba mbili. "Kubwa" imekuwa ndogo kuliko "ndogo"! Ukiona hivyo simama hapohapo, umegawa vibaya. Tatizo ni kwamba sio kila swali litakupa ishara wazi namna hii, mara nyingi namba zinatoka kwa mpangilio unaoonekana wa kawaida ila zimebanana kupita kiasi, kwa hiyo usitegemee bahati.

Fikiria barabarani. Basi lililokimbia zaidi ni lile lililokwenda mbali zaidi kwa muda mfupi zaidi, si ndio? Kwa hiyo spidi kubwa ni umbali mkubwa kugawa kwa muda mdogo: 155 ÷ 115 × 60 = 80.87. Spidi ndogo ni umbali mdogo kwa muda mrefu: 145 ÷ 125 × 60 = 69.6. Jibu la swali ni hapana, hatuwezi kusema kwa uhakika, ingawa 150 kwa saa mbili inaonekana ni 75 safi kabisa. Na tafadhali baki na dakika mpaka mwisho ndo uzidishe kwa 60, maana kuna wanaoandika saa 2 na dakika 5 kama 2.05 wakati ni 2.083 na kuendelea, na wengine wanaikata dakika 115 kuwa saa 1.9 katikati ya hesabu, spidi inaruka hadi 81.58.

Nikishafika hapa huwa naongeza kipengele: ukiruhusiwa kupima upya kimoja tu, upime kipi? Umbali una kosa la 5 kwenye 150, asilimia 3.3 hivi. Muda una 5 kwenye 120, karibu asilimia 4.2. Muda ndo unachafua zaidi. Ukiupima hadi dakika nzima iliyo karibu, unakuwa 119.5 hadi 120.5, na spidi kubwa inashuka kuwa 155 ÷ 119.5 × 60, kama 77.82, dereva yuko salama. Ukiboresha umbali peke yake hadi kilomita nzima unapata 150.5 ÷ 115 × 60, kama 78.52, nayo inatosha ila inakaribia zaidi.

Lakini kama hizo dakika umezisoma kwenye simu, ngoja kidogo. Saa ya simu haikadirii, inakata. Inaonyesha 8:00 mpaka sekunde ya mwisho kabla ya 8:01. Basi likiondoka simu inasoma 8:00 na likifika inasoma 10:00, huenda liliondoka 8:00 na sekunde 59 likafika 10:00 kamili, au kinyume chake, kwa hiyo muda uko kati ya dakika 119 na 121, sio 119.5 na 120.5. Spidi kubwa inakuwa 155 ÷ 119 × 60, kama 78.15, bado iko chini ya 80.