Kwa nini mtoto wa miezi tisa anatupa kila unachompa?

"Mwanangu ana miezi tisa. Nikimpa kitu cha kuchezea anakitupa chini, nikimwokotea anatupa tena. Kwa nini, na hapa nyumbani nimpe nini?"

Sio utundu, mama. Kushika alishajua siku nyingi. Kuachia kwa kukusudia ndiko kugumu, na ndiko anakojifunza sasa. Vidole vyake bado havifunguki taratibu. Vinafunguka vyote kwa mkupuo, huku mkono nao ukirusha. Tena anataka kusikia kishindo, aone kitu kimeangukia wapi na wewe utafanya nini.

Basi mpe mchezo wa kuachia. Tandika mkeka, mkalishe, umwekee sufuria pana na fupi. Ndani tia vitu vitatu vilivyooshwa: mwiko mdogo usio na vibanzi, kikombe cha plastiki na kitambaa. Vikiwa vingi atavimwaga tu bila kukishughulikia hata kimoja. Atatoa kimoja, atakigonga, atakitia mdomoni, atakihamishia mkono wa pili. Usitegemee arudishe leo. Kutoa huja kwanza. Kurudisha hufuata baadaye, wengi wakikaribia mwaka.

Unaweza kumsaidia hivi: kinga kiganja chako chini kabisa ya mkono wake, useme "nipe." Mwiko ukigusa kiganja unapata pa kuegemea, na vidole vinaachia kwa urahisi. Sufuria fupi nayo inafanya kazi hiyohiyo, maana mkono unafika hadi chini. Kwenye chombo kirefu itabidi aachie hewani, na hapo ndipo anaporusha. Ndoo yenye maji iwe mbali kabisa, hata kama maji ni kidogo.

Akichoka, funika kikombe kwa kona ya kitenge huku anaona. Umri huu ameanza kuelewa kuwa kitu kilichofichwa bado kipo, kwa hiyo atafunua. Asipofunua, acha mkono wa kikombe uchungulie.

Sasa atataka pia kuokota vitu vidogo kwa kidole gumba na cha shahada. Hapa Dodoma hatari iko sakafuni: karanga, zabibu, mbegu za ubuyu, vizibo vya soda. Kitu chochote kinachopita kwenye bomba la katikati la toilet pepa kinaweza kumkaba, kwa hiyo kisiwe cha kuchezea. Zoezi la kudonoa alifanyie kwenye chakula: vipande vya boga au kiazi kitamu kilichoiva hadi kinapondeka kwa vidole, akiwa ameketi na wewe uko naye.

Mwangalie pia mikono. Kama anatumia mmoja tu na mwingine kaufumba, au hahamishi kitu toka mkono huu kwenda ule, mwambie muuguzi. Miezi tisa ndiyo ya chanjo ya surua na rubela, kwa hiyo kliniki mnakwenda. Muulize siku hiyohiyo.