Pakiti ya mwarobaini: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: jina limeshasema kwamba unatibu maradhi arobaini, hivyo kuliandika hilo kwenye pakiti si kosa.

Ukweli: jina la mti ni sifa iliyotolewa na watu, wala si kipimo cha dawa. Jirani yangu wa Ngamiani, Tanga, anayekausha majani hayo kivulini na kuyauza, alikuwa ameandika "Tiba ya malaria, sukari na vidonda". Tulipokaa kuirekebisha, alipendekeza badala yake "Wazee walitibia sukari", lakini hiyo nayo ni ahadi ya uponyaji iliyovishwa kanzu, kwa sababu mgonjwa anayeisoma ataelewa kwamba anaweza kuacha vidonge vyake. Matumizi ya kimila yanaelezwa kwa kutaja kitendo: nani hufanya nini na majani hayo. Tuliandika hivi: "Kimila, katika pwani ya Tanga, majani haya huchemshwa, na maji yake yakishapoa huogewa."

Dhana: kwa kuwa kila mtu anaujua mwarobaini, jina hilo linatosha kwenye orodha ya viambato.

Ukweli: upo mti mwingine wa jamii hiyo hiyo, *Melia azedarach*, ambao wengine huuita mwarobaini nusu, na matunda yake yana sumu. Tofauti yao huonekana jani likiwa bado bichi kwenye tawi: jani la mwarobaini lina uti mmoja wenye vijani vilivyopangana pande zote mbili, ilhali uti wa ule mwingine hutoa matawi, na vijani hukaa juu ya matawi hayo. Majani yakishasagwa, hata fundi hawezi kuyatenganisha kwa macho. Ndiyo maana jirani huyachambua kabla ya kuyaanika, na pakiti yake inasema: "Majani makavu ya mwarobaini (*Azadirachta indica*), gramu 50. Hakuna kilichoongezwa."

Dhana: kitu cha asili hakina madhara, na neno "tumia kwa uangalifu" linatosha.

Ukweli: mafuta ya mbegu za mti huu yamewahi kuwadhuru watoto wachanga walionyweshwa, wakatapika, wakasinzia na kupata degedege. Majani si mafuta, lakini yakinywewa yanaweza kushusha sukari mwilini, jambo la hatari kwa anayetumia dawa za kisukari, na mjamzito hashauriwi kunywa mwarobaini. Kwa hiyo tahadhari lazima imtaje mtu na kitendo: "Kwa kuogea tu, usinywe. Jaribu kwanza maji kidogo mkononi na usubiri siku moja. Ngozi ikiwasha au ikivimba, acha. Usitumie kwa mtoto mchanga, machoni wala kwenye kidonda kibichi. Aliyekunywa apelekwe hospitali pamoja na pakiti hii."

Jirani alilalamika kwamba tahadhari imekuwa ndefu kuliko sifa. Tukapunguza picha ya mti, maneno yakabaki.