Monita Isiyoamka Baada ya Kompyuta Kulala: Dhana Potofu na Ukweli

Monita inayobaki nyeusi baada ya kompyuta kuamshwa mara nyingi huhukumiwa kuwa imeharibika, ikapelekwa kwa fundi au ikabadilishwa, ilhali kioo chake na saketi zake za umeme ni vizima kabisa. Kasoro huwa katika mawasiliano mafupi yanayopita ndani ya kebo kati yake na kadi ya michoro. Makala haya yanaangalia zaidi muunganisho wa DisplayPort, kwa kuwa ndiko mawasiliano hayo yana hatua nyingi na ndiko yanakokwama zaidi.

Dhana: Kompyuta ikiamka picha hurudi yenyewe, na isiporudi monita imekufa.

Dhana hii ilikaribia ukweli enzi za VGA. Chini ya utaratibu wa DPMS, uliowekwa na shirika la VESA mwaka 1993, kompyuta ilikuwa ikikatiza mapigo mawili ya kulinganisha picha, yaani la mlalo na la wima. Monita ilipoyakosa ililala, na yaliporejea iliamka. Haikuhitaji kujibu lolote.

Kwa DisplayPort, kadi haianzi kutuma picha kabla monita haijabishiwa hodi na kuitika. Monita huinua volteji kwenye waya mmoja, unaoitwa HPD, kuonyesha kwamba ipo. Kadi nayo hutumia njia ndogo ya pembeni kusoma EDID, maelezo mafupi ya vipimo ambavyo monita inaviweza. Wakati wa kulala, kadi huandika amri ya kupunguza umeme ndani ya monita, na wakati wa kuamka huandika amri nyingine, ambayo kiwango cha DisplayPort kinaitaka monita iitii ndani ya milisekunde 1. Kisha pande zote mbili hupima njia za data na kukubaliana kasi. Hatua moja tu ikishindikana, skrini hubaki nyeusi ingawa vyombo vyote viwili viko hai.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni kujua ni upande upi uliokwama. Bonyeza Caps Lock na utazame taa yake kwenye kibodi: ikiwaka na kuzimika, kompyuta imeamka; isipobadilika, huenda kompyuta yenyewe ndiyo imeganda, na kuhangaika na monita hakutasaidia. Ikiwa imeamka na inatumia Windows, bonyeza kwa pamoja Win + Ctrl + Shift + B, vitufe vinavyoanzisha upya dreva ya kadi ya michoro. Picha ikirudi hapo, shuku dreva kwanza. Isiporudi, chomoa kebo upande wa monita na uichomeke tena. Kama hilo nalo halisaidii, lakini kuchomoa waya wa umeme wa monita kwa dakika moja kunairudisha, basi programu ya ndani ya monita ndiyo iliyokwama.

Dhana: Monita iliyolala huendelea kusikiliza kompyuta wakati wote.

Nyingi husikiliza, lakini si zote, na hapa ndipo penye chanzo ambacho watumiaji wengi hawakifikirii. Ili kupunguza umeme unaotumika wakati wa kusubiri, ambao kikomo chake cha msingi katika kanuni za Umoja wa Ulaya ni wati 0.5, watengenezaji wengi wameweka usingizi mzito. Katika hali hiyo monita fulani huzima hata sehemu inayoshikilia volteji ya HPD. Kwa DisplayPort, volteji hiyo ikishuka kwa zaidi ya milisekunde 2, kompyuta huelewa kwamba kebo imechomolewa. Huiondoa monita kwenye orodha yake na kuhamishia madirisha kwenye skrini nyingine kama ipo. Baadaye mtumiaji akigusa kipanya, kompyuta haina wa kumtumia picha, na monita nayo inangoja ishara ambayo haiji.

HDMI huponyoka mtego huu mara nyingi kwa sababu volti 5 zinazowezesha waya wake wa HPD hutoka kwenye kompyuta, kwa hiyo monita huweza kuonekana ipo hata ikiwa imelala. Hii ndiyo maana meza yenye monita mbili zinazofanana, moja kwa HDMI na nyingine kwa DisplayPort, huweza kuwa na tatizo upande mmoja tu, na mwenye meza akadhani amenunua monita mbovu. Dawa iko kwenye menyu ya monita yenyewe, si ya kompyuta: tafuta kipengele kama Deep Sleep, au Auto Sleep kwa baadhi ya monita, na ukizime. Umeme utakaoongezeka ni kidogo.

Dhana: Kebo inayoonyesha picha ni kebo nzima.

Kebo dhaifu huweza kupitisha picha siku nzima na bado ikaanguka kwenye upimaji wa njia unaofanyika wakati wa kuamka. Chukua mfano wa monita ya pikseli 2560 kwa 1440 inayoendeshwa kwa hetsi 144 kupitia kebo ya mita 3 isiyo na cheti. Picha hiyo inahitaji takriban gigabiti 14 kwa sekunde, na kebo kama hiyo huenda iko ukingoni mwa uwezo wake. Shusha kasi hadi hetsi 60, ambapo mahitaji hupungua chini ya nusu, kisha uilaze na kuiamsha mara kadhaa. Ikiwa sasa inaamka kila mara, shuku iko juu ya kebo. Weka fupi yenye cheti cha VESA, ya mita 2 au pungufu, urudishe hetsi 144 na upime tena. Kubadilisha kebo na mipangilio kwa pamoja hakutakuambia kipi kilichotibu.

Kuna pia kosa la utengenezaji linalofaa kujulikana. Kiwango kinakataza kebo ya kawaida ya DisplayPort kuunganisha pini ya 20 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kwa sababu pini hiyo hubeba volti 3.3 za umeme. Kebo zinazokiuka hilo hupitisha umeme wa monita kuelekea kwenye kadi, na huweza kuizuia kompyuta kuwaka au kuamka vizuri.

Ofisi nyingi kwetu huunganisha monita za zamani za VGA kwa adapta ya HDMI. Adapta hiyo huishi kwa volti 5 za HDMI, na zikikatika kompyuta inapolala, yenyewe hulazimika kuanza upya. Ikiwa kuichomoa na kuichomeka ndiyo njia pekee ya kurudisha picha, ijaribu adapta nyingine kabla ya kugusa mipangilio yoyote.

Dhana: Kuzima Fast Startup huponya tatizo la kuamka.

Ushauri huu umeenea sana, lakini Fast Startup inahusu kuzima na kuwasha kompyuta, si kulala na kuamka. Mpangilio unaostahili kujaribiwa ni Link State Power Management, ulio chini ya PCI Express katika mpango wa umeme wa Windows. Hupunguza umeme wa njia inayounganisha kadi na ubao mama, na baadhi ya kadi hushindwa kurudi vizuri kutoka katika hali hiyo. Uweke Off, kisha upime.

Pima pia kuzima skrini pekee bila kulaza kompyuta. Monita ikirudi bila shida katika hali hiyo, lakini ikagoma kila kompyuta inapolala yenyewe, chunguza kwanza dreva ya kadi na BIOS, kwa maana monita na kebo zimekwisha kuthibitisha kwamba zinaweza kuamka.