Chai ya atemisia na dawa ya mseto ya malaria

"Mseto si unatokana na atemisia? Sasa kwa nini nisichemshe majani nyumbani tu?"

Ni kweli, atemisinini inatoka kwenye huo mmea, ndo maana wengi wanaiamini chai yake. Shida ni kwamba haiyeyuki vizuri kwenye maji, na majani hayalingani nguvu, kwahiyo huwezi kujua kikombe kina dozi gani.

Chukua mama wa Bahi, anakunywa siku tatu, homa inashuka, anarudi zake shamba la mpunga, kumbe wadudu dhaifu ndo wamekufa na waliobaki ni wale wanaovumilia dawa kidogo, wiki mbili tatu homa hiyo tena, mbu anamng'ata anawapeleka kwa jirani. Usugu unakua hivyo.

Atemisinini inaisha mwilini ndani ya masaa machache, ndo maana kidonge cha mseto kina dawa ya pili inayokaa siku kadhaa kumalizia waliobaki. Chai haina hiyo.

Pima kwanza kabla ya dawa yoyote. Na homa ikirudi baada ya dozi omba darubini, maana kile kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa hata kama wadudu wameshakufa.