Nguzo, mkaratusi na mpangilio wa nukta: yanayosemwa vibaya kuhusu PointNet

Rusha droni yenye skana ya leza juu ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, pale kati ya Maseno na Luanda, kisha ukate data vipande: hiki nguzo ya umeme, kile mkaratusi, kile nyumba ya mabati. Kila kipande ni orodha tu ya nukta, na kila nukta ina x, y na z. Kompyuta ijue vipi ipi ni nguzo? Wengi huanza na PointNet, mtandao wa neva uliotolewa mwaka 2017 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, na wengi pia huuelewa nusunusu.

Dhana: Zipange nukta kwa kimo, tatizo limekwisha.

Nukta 1,024 za nguzo zinaweza kukaa kwenye faili kwa mpangilio wowote na nguzo ikabaki ileile. Ndiyo maana kuzipanga kutoka chini hadi juu, halafu kuulisha mtandao wa kawaida, huonekana dawa. Lakini nukta moja ikiwa upande huu wa nguzo kwenye mita 4.00, na nyingine upande wa pili kwenye mita 4.01, kosa la sentimita mbili tu la skana linatosha kuzibadilishana nafasi. Mtandao sasa unasoma upande mmoja mahali ulipozoea kusoma mwingine. Watafiti wenyewe walilipima hilo kwa ModelNet40, mkusanyo wa maumbo ya aina 40: kupanga nukta kulitoa usahihi wa asilimia 45.0, na kuchukua thamani ya juu zaidi kulitoa 87.1.

Njia yao ni hii. Kila nukta hupita peke yake kwenye tabaka zilezile, zenye uzani uleule, na kutoka na orodha ya namba 1,024. Kisha, kwa kila moja ya nafasi hizo 1,024, huchukuliwa namba kubwa kuliko zote kutoka kwa nukta zote. Kubwa kati ya 3, 9 na 5 ni 9, utangulize ipi.

Dhana: Tabaka hizo za pamoja huzifanya nukta zijuane na jirani zake.

Hapana. Kinachoshirikiwa ni uzani. Nukta hukutana kwenye hatua ya kuchukua kubwa tu. PointNet++, iliyofuata mwaka huohuo, ndiyo iliyoleta makundi ya majirani.

Dhana: Kuchukua kubwa pekee ni kutupa data.

Ni kweli inatupa, na mara nyingi ni faida. Nukta zinazoshinda haziwezi kuzidi 1,024, na kwa kawaida ni chache zaidi kwa sababu nukta moja hushinda nafasi nyingi. Droni ikipita mara mbili juu ya mkaratusi uleule, shina likapata nukta maradufu, matokeo hayatikisiki sana. Wastani ungevutwa kuelekea palipojaa nukta.

Hatari iko kwingine: nukta moja potovu inaweza kushinda. Tuseme nguzo ina urefu wa mita 9 na mwewe alinaswa na leza akiwa mita 27 juu ya ardhi. Kabla ya kuingia kwenye PointNet, kipande husogezwa hadi katikati yake, kisha hugawanywa kwa umbali wa nukta ya mbali zaidi. Bila mwewe umbali huo ni kama mita 4.5, akiwepo ni kama 22.5. Nguzo nzima imesinyaa hadi sehemu moja ya tano, na mtandao haujawahi kuona nguzo ya kimo hicho. Ondoa nukta za pekepeke kwanza, ndipo upime umbali. Ukigeuza hatua hizi, kusafisha baadaye hakusaidii.

Dhana: Mtandao usiojali mpangilio haujali hata kitu kikigeuzwa.

Nguzo iliyoangushwa na upepo ina x, y na z mpya kabisa. Wakati wa mafunzo, zungusha vipande kuzunguka mhimili wa z. Na kama unataka nguzo zilizolala zitambulike, zilaze pia.

Dhana: Msimbo ukikimbia bila kosa, basi haujali mpangilio.

Hili ndilo huponyoka zaidi. Kwenye PyTorch, `Conv1d` hutaka umbo `(B, 3, N)`, nawe una `(B, N, 3)`. Ukitumia `reshape` badala ya `transpose`, namba zinaingia, hakuna kulalamika, ila x ya nukta moja imechanganyika na z ya nyingine. Mafunzo yataendelea na hasara itashuka kidogo. Changanya nukta uone:

```python
model.eval()
p = torch.randperm(x.shape[1])
print(torch.allclose(model(x), model(x[:, p]), atol=1e-5))
```

Ikitoka `False`, tafuta hiyo `reshape` kwanza. Na usisahau `eval()`: bila hiyo, `Dropout` pekee inatosha kutofautisha majibu mawili ya data ileile.