PCM au Bitstream, uchague ipi ukiwa na risiva?

Ukiingia kwenye setingi za sauti za pleya au TV utakuta inakuuliza PCM au Bitstream, na wengi wetu tunabonyeza yoyote ile mradi sauti itoke. Shida ni kwamba sauti inaweza kutoka kabisa na bado spika zako za nyuma ziwe zimelala muda wote wa muvi na usijue.

Sauti ya muvi kwenye diski huwa imebanwa, mara nyingi kwa Dolby Digital au DTS, na kabla haijafika kwenye spika lazima kuna mtu aifungue. Hizi setingi mbili zinaamua tu nani anafungua. Ukiweka PCM, pleya ndio inafungua yenyewe halafu inapeleka kwa risiva, yaani ile ampu inayoendesha spika zako zote, sauti iliyo wazi tayari. Ukiweka Bitstream pleya haigusi kitu, inapitisha ule mzigo ukiwa bado umebanwa na dekoda ya ndani ya risiva ndio inafanya kazi. Basi, hakuna uchawi mwingine hapo.

Sasa kinachoamua uchague ipi ni kebo, kuliko hata ubora wa risiva yenyewe. Chukua mfano una pleya ya DVD, risiva ya 5.1, na umeziunganisha kwa kebo ya optiko, ile inayotoa mwanga mwekundu kwenye ncha. Kebo hii kwa PCM inabeba chaneli 2 tu. Chaneli 6 za hiyo 5.1 zikiwa wazi, kwa sampo 48,000 kwa sekunde na biti 16 kila sampo, zinafika kama megabiti 4.6 kwa sekunde, wakati njia hiyo imepangwa kwa stirio ambayo ni kama 1.5 hivi. Ila Dolby Digital ya DVD ikiwa imebanwa haizidi kilobiti 448, kwa hiyo chaneli zote 6 zinapita humo bila taabu. Ndio maana kwenye optiko ukiweka PCM pleya inalazimika kuzichanganya zote ziwe kushoto na kulia, na ukiweka Bitstream unapata 5.1 kamili.

Utajuaje? Angalia kioo cha risiva muvi ikiwa inacheza. Kikiandika "Dolby Digital" au "DTS" uko sawa, kikiandika "PCM" wakati muvi ni ya 5.1 na umetumia optiko basi unasikiliza stirio. Na usidanganywe na spika za nyuma kutoa sauti, maana risiva nyingi zina Pro Logic ambayo inachukua stirio na kubuni sauti ya kuzunguka, inasikika vizuri kiasi lakini sio ile aliyopanga fundi wa sauti wa muvi.

Ukiwa na HDMI moja kwa moja hadi kwenye risiva mambo yanabadilika, kwa sababu HDMI inabeba PCM hadi chaneli 8, kwa hiyo pleya ikifungua yenyewe na ikatuma zote, sauti inakuwa sawa na ya Bitstream na mimi sijawahi kuona sababu ya watu kugombana hapo. Tofauti inakuja kwenye Dolby Atmos. Pleya ya kawaida ya Blu-ray ikifungua Atmos kuwa PCM zile taarifa za kitu gani kipite juu ya kichwa zinapotea, unabaki na 7.1 ya kawaida, kwa hiyo kama una spika za darini weka Bitstream. Hapo hapo kwenye pleya zima Secondary Audio, kwa sababu ikiwa imewashwa pleya nyingi zinalazimika kufungua sauti ili zichanganye na milio ya menyu, halafu unashangaa neno Atmos halitokei kwenye kioo.

PCM nayo ina mahali pake. Kifaa kisicho na dekoda, kama ampu ya stirio yenye kibadilishi cha kawaida tu cha kugeuza PCM kuwa sauti, ukikipelekea Bitstream kitakaa kimya au kitatoa mlio mkali wa kukwaruza, na huo mlio punguza volyumu haraka kabla haujaua spika. TV na saundiba nyingi nazo zinafungua Dolby lakini DTS haziijui, kwa hiyo ukiona muvi moja ina sauti na nyingine kimya kabisa shuku hilo kwanza, weka PCM pleya ifungue yenyewe. CD za muziki wala usijisumbue nazo, zenyewe ni PCM tangu mwanzo na hata ukiacha kwenye Bitstream zinatoka PCM vilevile.